Nchi Moja, Namba Mbili: Kipimo cha Gini Kinavyotoka Kwenye Jedwali la Kaya

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania, katika matokeo ya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, ilitaja kipimo cha Gini, kinachopima ukubwa wa pengo la kiuchumi katika jamii, cha 0.38 kwa Tanzania Bara. Mtu akifungua takwimu za Benki ya Dunia za mwaka 2018, ambazo chimbuko lake ni utafiti huohuo, anakuta 40.5. Kila mjadala wa pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho unapopamba moto, namba hizi mbili hurushwa huku na huku: wengine husema serikali imepunguza, wengine husema Benki imeongeza, na wapo wanaoamini kabisa kwamba 40.5 ni asilimia ya Watanzania walio maskini. Hakuna kati ya madai hayo lenye ukweli, lakini ili kuona kwa nini, inabidi tuifuate namba yenyewe tangu inapozaliwa, yaani kwenye jedwali la kaya lililopangwa kwa makundi ya kipato.

Tuondoe kwanza jambo jepesi. Kipimo cha Gini huandikwa ama kati ya 0 na 1, ama kati ya 0 na 100, na maana haibadiliki. Kwa hiyo 40.5 ya Benki ya Dunia ni sawa na 0.405. Ubishi wa kweli si kati ya 0.38 na 40.5, bali kati ya 0.38 na 0.405, na tofauti hiyo ndogo inatokana na maamuzi ambayo kila mkokotoaji hulazimika kuyafanya.

Msingi wa kipimo hiki ni mchoro uliobuniwa mwaka 1905 na Mmarekani Max Lorenz, na ndiyo maana unaitwa mkunjo wa Lorenz. Chukua kaya zote za eneo fulani, uzipange kwa foleni kuanzia yenye kipato kidogo kabisa hadi yenye kipato kikubwa kabisa. Sasa tembea kwenye foleni hiyo ukijumlisha vipato njiani, na kila baada ya hatua jiulize: nimekwisha kupita asilimia ngapi ya kaya, na kaya hizo kwa pamoja zimeshika asilimia ngapi ya kipato chote? Jibu la kwanza linakwenda kwenye mhimili wa chini, la pili kwenye mhimili wa wima. Kama kaya zote zingekuwa na kipato sawa, asilimia 30 ya kaya zingeshika asilimia 30 ya kipato, asilimia 60 zingeshika asilimia 60, na mchoro ungekuwa mstari ulionyooka wa ulalo kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Huo tunauita mstari wa usawa. Kwa kuwa foleni inaanza na wenye kidogo, hali halisi siku zote huwa chini ya mstari huo.

Fikiria kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa chini kwenye nguzo ya kushoto na juu kwenye nguzo ya kulia. Ikiwa imekazwa barabara, imenyooka, na huo ndio usawa kamili. Ukiilegeza, ncha zote mbili hubaki palepale zilipofungwa, lakini katikati hubonyea. Kadiri vipato vinavyotofautiana, ndivyo kamba inavyobonyea. Alichofanya Mwitaliano Corrado Gini, aliyechapisha kazi yake kuanzia mwaka 1912, ni kuupa ubonyeo huo namba moja. Eneo lililo kati ya mstari wa usawa na mkunjo hugawanywa kwa eneo lote la pembetatu iliyo chini ya mstari wa usawa. Kama mkunjo umelala juu ya mstari, jibu ni 0. Kama kaya moja imechukua kila kitu na nyingine zote hazina hata senti, mkunjo unatambaa chini kabisa na kupaa mwishoni, na jibu linakaribia 1.

Kama tungekuwa na kipato cha kila kaya, kazi ingekuwa ya kompyuta tu. Lakini ripoti nyingi zinazomfikia msomaji wa kawaida hazitoi orodha ya kaya. Hutoa jedwali la makundi, na mwanafunzi, mwandishi wa habari au ofisa mipango wa halmashauri anatakiwa kupata kipimo cha Gini kutokana na mistari mitano au sita. Hapo ndipo penye ufundi, na ndipo penye mitego. Tutumie jedwali nililolitunga kwa ajili ya makala haya, la kaya 100 za kata moja ya kubuni, likionesha kipato cha kaya kwa mwezi katika shilingi.

| Kundi la kipato | Idadi ya kaya | Wastani wa kundi | Jumla ya kundi |
|---|---|---|---|
| Chini ya 200,000 | 30 | 150,000 | 4,500,000 |
| 200,000 – 399,999 | 35 | 300,000 | 10,500,000 |
| 400,000 – 699,999 | 20 | 550,000 | 11,000,000 |
| 700,000 – 1,199,999 | 10 | 950,000 | 9,500,000 |
| 1,200,000 na zaidi | 5 | 2,900,000 | 14,500,000 |

Kipato cha kata nzima ni shilingi milioni 50, kwa hiyo wastani ni shilingi 500,000 kwa kaya. Hatua ya kwanza ni kugeuza kila jumla kuwa sehemu ya hizo milioni 50. Tukianzia juu ya jedwali kwenda chini tunapata asilimia 9, 21, 22, 19 na 29. Hatua ya pili ni kulimbikiza, yaani kujumlisha kadiri tunavyoshuka. Kaya asilimia 30 za mwanzo zina asilimia 9 ya kipato. Tukiongeza kundi la pili, kaya asilimia 65 zina asilimia 30. Tunafika asilimia 85 ya kaya zenye asilimia 52, kisha asilimia 95 zenye asilimia 71, na mwisho kaya zote zenye kipato chote. Jozi hizo tano, pamoja na nukta ya mwanzo ya 0 na 0, ndizo nukta za mkunjo wetu. Ziweke kwenye karatasi ya miraba, uziunganishe kwa rula, na mkunjo wa Lorenz umepatikana.

Hatua ya tatu ni kupata eneo lililo chini ya mistari hiyo. Kati ya nukta mbili zinazofuatana kuna umbo la trapeza, isipokuwa la kwanza ambalo ni pembetatu. Eneo la trapeza ni upana mara wastani wa pande mbili zilizo sambamba, na kwa kuwa kipimo cha Gini mwishowe huzidisha eneo hilo kwa mbili, ile nusu ya kutafutia wastani inajifuta. Kinachobaki ni kanuni fupi, ambamo f ni sehemu ya kaya zilizo katika kundi, na L ni kipato kilicholimbikizwa hadi mwisho wa kundi:

```
G = 1 − Σ fᵢ × (Lᵢ + Lᵢ₋₁)
```

Twende nayo mstari kwa mstari. Kundi la kwanza: 0.30 mara (0.09 + 0), yaani 0.027. La pili: 0.35 mara (0.30 + 0.09), yaani 0.1365. La tatu: 0.20 mara (0.52 + 0.30), yaani 0.164. La nne: 0.10 mara (0.71 + 0.52), yaani 0.123. La tano: 0.05 mara (1 + 0.71), yaani 0.0855. Jumla ni 0.536. Toa kwenye 1, na kipimo cha Gini cha kata yetu ni 0.464. Anayetumia programu ya majedwali anaweza kuweka sehemu za kaya kwenye seli A2 hadi A6, na vipato vilivyolimbikizwa kwenye B2 hadi B6, huku B1 ikiwa 0, kisha aandike:

```
=1-SUMPRODUCT(A2:A6,B2:B6+B1:B5)
```

Ukaguzi mmoja unafaa kufanywa kabla ya kuamini jibu. Mwinuko wa kila kipande cha mkunjo ni lazima uwe mkubwa kuliko wa kipande kilichotangulia, kwa sababu kila kundi lina wastani mkubwa kuliko kundi la kabla yake. Kama kipande kimoja kinainuka polepole kuliko cha nyuma yake, makundi hayakupangwa kwa mfuatano sahihi wa wastani, au kuna jumla iliyokosewa. Na kama mkunjo umevuka juu ya mstari wa usawa, hakika kuna kosa, maana haiwezekani wenye kidogo kuliko wote wakashika zaidi ya sehemu yao.

Sasa, 0.464 inamaanisha nini? Haimaanishi kwamba asilimia 46.4 ya kaya ni maskini, wala kwamba matajiri wana asilimia 46.4 ya kipato. Maana inayoshikika kwa urahisi ni hii: ukichagua kaya mbili kwa bahati nasibu, ukaangalia tofauti ya vipato vyao, kisha ukarudia hivyo kwa jozi zote zinazowezekana, wastani wa tofauti hizo utakuwa mara mbili ya kipimo cha Gini, mara wastani wa kipato. Kwa kata yetu ni 2 × 0.464 × 500,000, yaani shilingi 464,000. Katika kata ambayo wastani wa kipato cha kaya ni nusu milioni kwa mwezi, kaya mbili zilizochaguliwa kwa bahati nasibu hutofautiana, kwa wastani, kwa kiasi kinachokaribia hichohicho. Napenda tafsiri hii kuliko nyingine zote, kwa kuwa inairudisha namba isiyo na kizio kwenye shilingi ambazo watu wanazihesabu mwisho wa mwezi.

Hadi hapa jedwali lilikuwa limetusaidia sana, kwani lilitupa wastani wa kila kundi. Majedwali mengi hayana ukarimu huo. Hutoa mipaka ya kundi na idadi ya kaya tu. Kwa makundi ya katikati watu hutumia kitovu cha kundi, yaani nusu ya jumla ya mipaka miwili, na madhara yake si makubwa. Kundi la 200,000 hadi 400,000 lina kitovu cha 300,000, na wastani halisi hauwezi kuwa mbali sana. Shida iko kwenye kundi la mwisho. "1,200,000 na zaidi" haina mpaka wa juu, kwa hiyo haina kitovu, na hata hivyo lazima tuweke namba, kwa sababu bila namba hiyo hatuna jumla ya kipato cha kata.

Mtu mwenye haraka ataona kundi lililotangulia lina upana wa 500,000, ataongeza nusu ya upana huo na kitu kidogo, na kuandika wastani wa 1,500,000. Akikokotoa kwa kanuni ileile atapata 0.385. Mwingine, aliyesikia kwamba katika kata hiyo kuna mfanyabiashara mwenye malori, ataweka 4,000,000 na kupata 0.512. Kaya 95 kati ya 100 hazikuguswa hata kwa shilingi moja, jedwali ni lilelile, ila jibu limetoka 0.385 hadi 0.512. Tofauti hiyo inatosha kuihamisha nchi kutoka kundi la zenye usawa wa wastani hadi kundi la zenye pengo kubwa, na yote imetokana na kisio la kaya tano. Ndiyo maana, ninaposoma kipimo cha Gini kilichotolewa kwenye jedwali, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni maelezo ya namna kundi la juu lilivyopewa wastani wake. Yakikosekana, siipi imani namba hiyo.

Ipo njia bora kuliko kubahatisha, nayo inategemea jambo ambalo mwanauchumi wa Italia, Vilfredo Pareto, aliligundua mwishoni mwa karne ya 19: kwenye ncha ya juu ya vipato, idadi ya watu hupungua kwa mwendo unaotabirika kadiri kiwango cha kipato kinavyopanda. Jedwali letu linasema kaya 15 zinapata 700,000 au zaidi, na kaya 5 zinapata 1,200,000 au zaidi. Kasi ya kupungua huko hupatikana kwa kugawanya logi ya 15/5 kwa logi ya 1,200,000/700,000, na jibu ni karibu 2.04. Kwa mujibu wa Pareto, wastani wa kundi lililo wazi juu ni mpaka wake wa chini mara kasi hiyo, gawanya kwa kasi hiyo baada ya kuipunguza 1. Yaani 1,200,000 × 2.04 ÷ 1.04, ambayo ni takriban 2,355,000. Tukitumia wastani huo kwa kundi la juu, kipimo cha Gini kinakuwa 0.436. Haijafika 0.464 tuliyoipata kwa wastani halisi wa jedwali letu, lakini imekaribia zaidi kuliko makisio yote mawili ya mwanzo, na kubwa zaidi ni kwamba mtu mwingine akiwa na jedwali lilelile atafika pale pale. Tahadhari moja: kasi hiyo ikikaribia 1, kanuni inatoa wastani mkubwa kupita kiasi, na ikiwa 1 au chini yake haina maana kabisa. Jambo hilo hutokea pale ambapo kundi la pili kutoka juu lina kaya chache mno likilinganishwa na kundi la juu kabisa.

Kuna kasoro nyingine ambayo haionekani kwa macho, maana hata wastani ukiwa sahihi kabisa yenyewe ipo. Tulipounganisha nukta kwa rula, tulidai kimyakimya kwamba kaya zote ndani ya kundi moja zina kipato sawa. Kaya 30 za kundi la kwanza zote tulizipa 150,000, ingawa bila shaka wamo wanaopata 60,000 na wamo wanaopata 190,000. Tofauti hizo za ndani zimefutwa. Kwa hiyo kipimo cha Gini kilichotokana na makundi huwa kidogo kuliko cha kweli, au sawa nacho, na kamwe hakikizidi, alimradi wastani wa kila kundi ni sahihi. Mkunjo wa kweli hupita kwenye nukta zetu zote, lakini kati ya nukta na nukta unabonyea chini ya mstari wa rula.

Kadiri makundi yanavyopungua, ndivyo kinachofutwa kinavyoongezeka. Tuyaunganishe makundi mawili ya juu ya jedwali letu yawe kundi moja la kaya 15 zenye asilimia 48 ya kipato. Kipimo kinashuka kutoka 0.464 hadi 0.4445. Tukiacha makundi mawili tu, kaya 65 zilizo chini ya 400,000 na kaya 35 zilizo juu yake, kinashuka hadi 0.35. Hakuna kaya iliyopata nafuu yoyote. Ripoti nyingine hugawa watu katika mafungu matano yaliyo sawa kwa idadi, na kwa mpango huo hata fungu la juu likishika kipato chote, kipimo hakiwezi kupita 0.8. Kwa sababu hiyo, mtu anayelinganisha mwaka wenye jedwali la makundi manne na mwaka wenye jedwali la makundi kumi anaweza kutangaza kwamba pengo limepanuka wakati kilichobadilika ni idadi ya mistari ya jedwali. Ulinganisho wa haki unataka mipangilio inayofanana, au afadhali zaidi, data za kaya moja moja, ambazo ndizo ofisi za takwimu zenyewe hutumia.

Sasa tufikie uamuzi unaogusa moja kwa moja ile tofauti ya 0.38 na 0.405. Jedwali letu limehesabu kaya, lakini anayekula ni mtu. Kaya ya watu wanane yenye shilingi 400,000 haiishi kama kaya ya mtu mmoja yenye fedha hizohizo. Tuseme katika kata yetu kaya za kundi la kwanza zina wastani wa watu 6, za pili watu 5, za tatu 4.5, za nne 3.5 na za tano 4. Wakazi wote ni 500. Kundi la kwanza lina asilimia 30 ya kaya, lakini lina watu 180, yaani asilimia 36 ya wakazi. Yale makundi mengine yana asilimia 35, 18, 7 na 4. Kipato kilicholimbikizwa hakibadiliki, kinachobadilika ni upana wa kila trapeza. Tukirudia hesabu tunapata 0.529 badala ya 0.464. Na hata hiyo ni pungufu, kwa sababu kwa hesabu ya kila mtu ingetakiwa foleni yenyewe ipangwe upya, maana ndani ya kundi la tatu inaweza kuwamo kaya ya watu tisa ambayo kila mmoja wao anaishi kwa kiasi kidogo kuliko mtu wa kundi la pili.

Lakini kugawa sawasawa kwa kila kichwa nako kuna dhuluma yake, kwani mtoto wa miaka miwili hali sawa na baba yake. Kwa hiyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania hugawa matumizi ya kaya kwa hesabu inayompa mtoto uzito mdogo kuliko mtu mzima, kulingana na umri na jinsia. Benki ya Dunia, ambayo inataka nchi nyingi zilinganike kwa utaratibu mmoja, hugawa kwa idadi ya watu tu. Kwa kuwa kaya maskini ndizo kwa kawaida zenye watoto wengi, kugawa kwa idadi ya watu huzifanya zionekane maskini zaidi, na kipimo cha Gini kinapanda. Marekebisho ya bei kati ya mikoa na namna ya kujumlisha matumizi huchangia pia. Namba zote mbili zimekokotolewa kwa uaminifu, ila zinajibu maswali yanayotofautiana. Anayetaka kujua kama pengo limepanuka tangu utafiti uliopita achague moja, aifuate hiyohiyo miaka yote, asichukue ya mwaka huu huku na ya zamani kule.

Neno "matumizi" nililolitumia hapo juu linahitaji kusimamiwa kidogo. Katika sehemu kubwa ya Afrika, kipimo cha Gini kinachotangazwa ni cha matumizi, si cha kipato, hata magazeti yakiandika "pengo la kipato". Sababu yake inaeleweka na kila aliyewahi kuketi na mdadisi wa takwimu barazani. Mkulima ukimuuliza alipata shilingi ngapi mwezi uliopita, hana jibu la kweli, kwa sababu fedha zake huja wakati wa mavuno. Ukimuuliza familia ilikula nini jana, atakutajia debe la mahindi limefikia wapi, na yale mahindi ya shambani kwake yatakadiriwa bei na kuingizwa kwenye hesabu kama vile yamenunuliwa. Ila matumizi hutofautiana kidogo kuliko vipato, kwa kuwa mwenye kingi huweka akiba na mwenye kidogo hukopa au husaidiwa na ndugu. Afrika Kusini, ambayo hupima vyote viwili, ilipata mwaka 2015 kipimo cha 0.68 kwa kipato na 0.65 kwa matumizi. Nchi za Amerika ya Kusini kwa kawaida hutumia kipato. Kwa hiyo kuiweka Tanzania kando ya Brazili na kusema sisi tuna usawa zaidi, bila kutaja kwamba kimoja ni matumizi na kingine ni kipato, ni kulinganisha visivyolingana.

Yapo pia madai kwamba kipimo cha Gini kikishuka umaskini umepungua. Hayo mawili hayajafungwa pamoja. Kata yetu ikijikuta mwakani kila kaya imepata mara mbili ya kipato cha mwaka huu, kipimo kitabaki 0.464 barabara, ingawa wengi watakuwa wametoka kwenye dhiki. Ukame ukizipunguzia kaya zote nusu ya kipato, kitabaki 0.464 vilevile, huku watu wakilala njaa. Na kama kila kaya, ya juu na ya chini, ingeongezewa shilingi 100,000 zilezile, kipimo kingeshuka hadi takriban 0.387, japo umbali kati ya tajiri na maskini kwa shilingi haujapungua hata kidogo. Gini huangalia uwiano wa mafungu. Umaskini una kipimo chake kingine, kinachoanza na mstari wa mahitaji ya msingi na kuhesabu walio chini yake. Kwa mstari huo, utafiti wa 2017/18 ulipata asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara.

Limebaki jambo ambalo namba yenyewe haiwezi kulieleza, na kwa maoni yangu ndilo linalosahaulika zaidi. Chukua jamii mbili. Katika ya kwanza, nusu ya watu hawana kipato chochote, na nusu nyingine wanagawana kipato chote kwa usawa. Katika ya pili, watu asilimia 75 wanagawana kwa usawa asilimia 25 ya kipato, na asilimia 25 waliobaki wanagawana asilimia 75. Tumia kanuni yetu: ya kwanza inatoa 0.5, na ya pili inatoa 0.5. Kwa anayesoma namba tu, jamii hizi ni sawa. Kwa anayeishi ndani yake, katika moja nusu ya majirani hawana kitu, na katika nyingine kila mtu ana walau theluthi moja ya wastani. Mikunjo yao ikichorwa pamoja, inakatana: ule wa kwanza uko chini zaidi upande wa kushoto, wa pili uko chini zaidi upande wa kulia. Mikunjo isipokatana, ule ulio karibu na mstari wa usawa unaonesha usawa zaidi bila ubishi, na kipimo cha Gini kitakubaliana nao. Ikikatana, jibu linategemea kama anayeuliza anajali zaidi hali ya walio chini au ulimbikizaji wa walio juu. Ndiyo sababu ripoti iliyoandikwa vizuri huweka kando ya kipimo cha Gini fungu la asilimia 40 ya chini na fungu la asilimia 10 ya juu, ambayo yote mawili husomwa moja kwa moja kwenye mkunjo uleule, kwenye nukta ya 40 na nukta ya 90 za mhimili wa chini, fungu la juu likiwa kile kinachobaki kufikia 100.